Tofi moja: mimi napata gramu 17, mume wangu hafiki hata 2

Shangazi, salamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni na mume wangu pamoja na mavyaa. Mwanangu wa pili ana miaka 10 na ana kisukari aina ya 1 tangu mwaka jana. Kliniki walitufundisha kuhesabu wanga wa chakula, na kwa huyu mtoto ni uniti 1 ya insulini kwa kila gramu 15 za wanga. Wali, ugali na chapati nimeshavizoea. Kinachonitoa roho ni switi.

Wifi yangu yuko Dubai, na kila mtu anayekuja humpa mzigo: mifuko mikubwa ya tofi ndogondogo. Karatasi ya tofi yenyewe haina kitu ila jina. Jedwali liko kwenye mfuko wa nje. Uzito halisi ni gramu 300. Kwa gramu 100: nishati kilokalori 397, mafuta 7, wanga 83, katika huo sukari 58, protini 0.5. Safu ya pili ni ya mgao wa gramu 20: kilokalori 79, mafuta 1.4, wanga 17, sukari 12, protini 0.1. Tofi nimezihesabu, ni 46.

Mume wangu aligawanya 83 kwa 46, akasema tofi moja haifiki hata gramu 2, si kitu. Jumapili moja mavyaa akampa mtoto tofi 5, mume wangu akaandika gramu 9 na hakumdunga. Jioni kipimo kikasoma 14.2. Nikasema basi, sasa nahesabu mimi. Mimi nasoma safu ya mgao, tofi moja gramu 17. Wiki iliyofuata alikula 2, nikaandika 34, nikamdunga uniti 2. Baada ya saa mbili mtoto anatetemeka, jasho linamtoka, kipimo 3.1. Sasa mume ananiambia nitamuua mtoto kwa hesabu zangu, nami namwambia yeye ndiye aliyeanza.

Mfuko nimeuficha kabatini. Mavyaa amenuna, anasema namnyima mjukuu wake na kumfanya yeye kama mchawi. Kashata zake sijazikataza, hizo ni za nyumbani na najua kilichomo. Na mwalimu wa mtoto nimempa tofi moja aiweke kwenye droo, sukari ikishuka ampe, maana hospitali walisema gramu 15 na kwa hesabu yangu moja yatosha. Nifanyeje na mavyaa, na kati yangu na mume wangu nani amekosea hesabu?

Mama wa Kisauni

*

Mwanangu, kabla ya mavyaa na kabla ya mume, tuanze na droo ya mwalimu, maana hiyo haingoji. Tofi moja ya mfuko huo ina wanga wa gramu 5 na nusu hivi. Mtoto akishukiwa na sukari darasani akapewa hiyo moja, amepata kama thuluthi ya zile gramu 15 mlizoambiwa. Tena amepewa kitu cha kutafuna, chenye mafuta ndani yake, ambacho hakifiki damuni haraka kama sukari iliyokorogwa kwenye maji. Kesho asubuhi mpelekee mwalimu glukosi ya unga, ile ya dukani, au sukari ya kawaida uliyoipima mwenyewe nyumbani. Vijiko 4 vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu, ni kama gramu 16. Mwambie pia kwamba mtoto akiwa hajitambui au hawezi kumeza, asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Na mkienda kliniki waulize kama gramu 15 ni sawa kwa uzito wake, kwa sababu mtoto mdogo mara nyingi huhitaji chini ya hapo.

Sasa nikwambie 5 na nusu imetoka wapi.

Jedwali la mfuko wenu lina safu mbili, na hakuna hata moja inayozungumzia tofi. Ya kwanza inazungumzia gramu 100, ya pili gramu 20. Kwa hiyo kabla hujagusa namba ya wanga, lazima ujue tofi moja ina gramu ngapi. Mfuko ni gramu 300, tofi ni 46. Ukigawanya unapata 6.5. Uzito huo haumo kwenye barua yako mahali popote, wala nadhani haukutajwa katika ugomvi wenu, na ndio uliokuwa ukitafutwa muda wote.

Ukishaujua, mengine yanajileta. Gramu 100 za tofi hizi ni kama tofi 15. Zile gramu 83 za wanga alizozisoma mume wako ni za tofi 15, naye akazigawia tofi zote 46. Alitakiwa kwanza ajue wanga wa mfuko mzima: mfuko ni gramu 300, yaani mara 3 ya gramu 100, kwa hiyo 83 mara 3 ni 249. Hiyo 249 ndiyo ya kugawanywa kwa 46, na jibu ni 5.4.

Nawe ulisoma safu ya mgao ukadhani mgao ni tofi moja. Mgao ni kiasi ambacho mwenye kiwanda ameamua kukiita mlo mmoja wa kitu chake. Kwa switi ndogo, mara nyingi mgao huwa ni vipande kadhaa, na mifuko mingine huandika pembeni idadi ya vipande. Wenu, kwa ulivyonakili, haukuandika. Lakini gramu 20 ukizigawanya kwa 6.5 ni tofi 3. Basi zile gramu 17 za wanga ni za tofi 3, nawe ukaibebesha tofi moja peke yake.

Umeniuliza nani amekosea. Angalia: mume wako hakuzidisha kwa 3, wewe hukugawanya kwa 3. Namba ni ileile, mmoja wenu kaiacha chini na mwingine kaiacha juu. Sijui kama hili litawapatanisha, lakini ningekuwa wewe ningelifanya mbele yake mezani, na mfuko na kalamu, badala ya kumpelekea jibu langu. Mtu akiliona kosa lake mwenyewe katika hesabu huwa halimuumi kama akionyeshwa na mkewe aliyelipata kwa shangazi wa gazetini.

Kuna njia ya kulikamata kosa kama lako hata kama hujui kugawanya vizuri, nami huifundisha kabla ya hesabu yenyewe. Wanga ni sehemu ya uzito wa chakula, kwa hiyo hauwezi kuuzidi. Tofi yenye gramu 6.5 haiwezi kubeba wanga wa gramu 17, hata ingekuwa sukari tupu. Ukipata jibu linalozidi uzito wa kipande, simama hapo hapo, usiende kwenye sindano. Upande wa mume wako ni vilevile, ila kinyume chake. Mfuko unasema katika kila gramu 100 za tofi, 83 ni wanga, yaani tofi karibu yote ni wanga. Akipata chini ya 2 katika kipande cha 6.5, amesema tofi hiyo haifiki hata theluthi yake wanga, na jedwali alilolishika mkononi linamkatalia.

Huenda ukasikia ushauri mwingine, kwamba mwenye kisukari asome mstari wa sukari tu, ule wa 58, aache wanga. Kwa anayehesabu insulini huo ni mtego. Tofi hupikwa kwa sukari pamoja na shira ya glukosi, na ndani ya shira hiyo kuna minyororo ya glukosi ambayo ni mirefu kiasi cha kutohesabiwa kwenye mstari wa sukari. Ikifika tumboni inakatika na kuwa glukosi. Ndiyo maana wanga ni 83 na sukari 58, na zile 25 zilizobaki mwili wa mtoto hauziachi zipite hivihivi. Ninyi mnahesabu mstari wa wanga wote.

Nakuona tayari umechukua kalamu unaandika 5.4 kwenye mlango wa kabati. Subiri kidogo. Ukifuata njia ya mgao, 17 kwa tofi 3, unapata 5.7, siyo 5.4. Hakuna aliyekosea hapo. Gramu 20 za tofi zina wanga 16.6, kiwanda kikazungusha kikaandika 17, na hiyo desimali iliyoongezwa unaigawa pamoja na wanga wa kweli. Tena gramu 20 ni tofi 3 na kidogo, nawe umegawanya kwa 3 kamili. Kwa hiyo ukiwa na safu zote mbili, fanyia kazi ile ya gramu 100, kwa sababu kuzungusha hakuiharibu sana. Safu ya mgao mdogo ndiyo inayoumia. Kule Marekani sheria inaruhusu kitu chenye chini ya nusu gramu katika mgao kiandikwe 0. Ndivyo peremende ndogo kabisa, ambayo mgao wake ni punje moja ya chini ya nusu gramu, inavyoweza kuandikwa sukari 0 na ilhali karibu yote ni sukari. Mtoto akila punje 20 za namna hiyo amekula karibu gramu 10, na mfuko umesema sifuri. Mizigo inayokuja Mombasa hutoka kila upande, na mifuko mingine ya Marekani haina safu ya gramu 100 kabisa. Hapo tazama uzito wa mgao kwanza, na kama ni chini ya gramu 2 au 3, usiamini sifuri yoyote.

Tena jedwali lenyewe si mizani. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012 unakubali vyakula vyenye wanga wa zaidi ya gramu 40 katika 100 vipishane na jedwali kwa gramu 8 juu au chini. Tofi zenye 83 kwenye karatasi zinaweza kuwa 75 au 91 zikipimwa maabara, na kipande kimoja kikawa na wanga wa karibu 5 au karibu 6. Sasa ile pointi nne ya 5.4 ina kazi gani? Andika tofi 1 ni 5 na nusu, tofi 2 ni 11, tofi 3 ni 16, basi. Kutoka 5.4 hadi 5.7 kwa tofi 3 ni chini ya gramu moja, na hiyo haimtingishi mtoto anayepewa uniti 1 kwa gramu 15. Kutoka 16 hadi 51, ambazo ungeziandika wewe kwa tofi 3, ndiko kunakomtetemesha.

Najua utataka kupima kwa mizani ya jikoni, na ni vizuri, ila usipime tofi moja. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu nzima nzima, na kitu chepesi sana zinaweza zisikione. Tofi moja itakuonyesha 6, ukiigeuza 7, na ikiwa na karatasi yake labda 7 tena. Toa karatasi tofi 10, ziweke zote kwenye kibakuli ulichokwisha kukirudisha sifuri, soma, gawanya kwa 10. Ukipata 65 au 66, mfuko unasema kweli. Uzito halisi ulioandikwa hauna karatasi ndani yake, kwa hiyo ukipima na karatasi utapata tofi nzito kuliko zilivyo na utaongeza insulini kwa ajili ya karatasi. Njia hii itakufaa hasa pale mfuko umeshatupwa na switi zimemiminwa kwenye mkebe, au zimenunuliwa za kupima sokoni Kongowea na hujui zilikuwa ngapi. Lakini uzito peke yake hautoshi. Bila jedwali unajua tofi ina gramu ngapi, hujui ni gramu za nini.

Turudi kwenye vile vipimo viwili, 14.2 na 3.1, kwa maana naona kila mmoja wenu amechukua cha mwenzake kama ushahidi. Tofi 5 ni wanga 27. Kwa uwiano mliopewa ilikuwa karibu uniti 2, na mtoto hakupata hata moja. Tofi 2 ni 11, hazifiki hata uniti 1, nawe ukampa 2. Vipimo vyote viwili vinaelekea upande ambao hesabu ya kweli ingeutarajia. Ila usivifanye mahakama. Sukari ya mtoto wa miaka 10 inapandishwa na chakula cha mchana ambacho hakikuhesabiwa vizuri, inashushwa na mpira aliocheza uwanjani, inabadilika na homa na mahali sindano ilipoingia. Kipimo kimoja kinaweza kukuambia kuna kitu hakikwenda sawa, lakini hakikutajii ni tofi. Andika kwenye daftari vipande vilivyoliwa, siyo gramu tu. Ukiandika "tofi 2", daktari atakuja kuirekebisha hesabu yako hata baada ya mwezi. Ukiandika "34" peke yake, hakuna atakayejua ilitoka wapi.

Na hapa nataka kukusumbua kidogo, usinikasirikie. Kashata umeziacha kwa sababu ni za nyumbani. Unajua kilichomo, umesema. Je, unajua ni kiasi gani? Nikichukua kashata za nazi za kawaida, sukari nusu kilo na nazi moja, sinia likakatwa vipande 30: sukari ni wanga mtupu, kwa hiyo gramu 500 kwa 30 ni 16.7 kwa kila kipande. Nazi inaongeza nusu gramu hivi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi. Kipande kimoja kinafika 17. Ile 17 iliyokufanya uifungie tofi kabatini, mtoto anaila katika kashata moja mbele yako, nawe unamuwekea sahani. Sisemi uzikataze. Nasema kashata haina mfuko wa kusoma, lakini ina mpishi. Mkalie mavyaa jikoni akipika, upime sukari inayoingia, uhesabu vipande vinavyotoka. Vipande vya pembeni ya sinia huwa vidogo na vya katikati vikubwa, kwa hiyo mwombe avikate sawa, au mpimie mtoto kipande chake.

Mabuyu sijui kama huyanunua shuleni, lakini wa Mombasa ni nadra kutoyajua, basi neno moja tu juu yake. Mtoto anafyonza unga na sukari ya nje, mbegu anaitema. Pakiti yenye jedwali inaweza kuwa imehesabu gramu 100 pamoja na mbegu, au gramu 100 za kile kinacholiwa tu. Pima pakiti kabla, roweka, osha mbegu, zikaushe, uzipime. Ikiwa katika gramu 100 mbegu zimekula 50, na jedwali linadai wanga 70, basi jedwali halikuhesabu mbegu, kwa sababu 70 haziwezi kukaa ndani ya 50. Hapo mtoto akila pakiti ya gramu 20 amepata wanga wa gramu 7 tu, siyo zote 14.

Sasa mavyaa. Mfuko kuwa kabatini umekupa usingizi, na sitakulaumu kwa hilo baada ya usiku wa 3.1. Lakini switi iliyofichwa ina hatari yake. Mtoto wa miaka 10 anajua kabati lilipo, na bibi anayejiona amevuliwa heshima anaweza kumpa mjukuu wake mbili kwa siri, kwa upendo kabisa, na mtoto hatakwambia. Tofi aliyoila mbele yako unaweza kuihesabia, hata ukikosea kidogo. Aliyoila chumbani kwa bibi haina namba kabisa, na utaiona tu kwenye kipimo usiku ukajiuliza wali ulikuwa na nini.

Njia nyingine ni kumkabidhi mavyaa kazi yenyewe. Fungeni vifuko vya tofi 3, kila kimoja kiandikwe 16, vikae kwake. Yeye ndiye mtoaji, na sharti ni kwamba mtoto akipewa, wewe au baba yake mnaambiwa kabla hajafungua. Wapo mavyaa wangelipokea hili kwa furaha, kuwa mjukuu anakuja kwake kwa jambo. Wapo wangeliona ni amri ya mkamwana kwenye nyumba ya mwanawe, na kwa hao afadhali maneno yatoke kwa mume wako, naye awe ameshaifanya ile hesabu mezani. Wewe ndiye unayemjua wa kwako ni yupi. Udhaifu wa njia hii siyo mavyaa. Ni kwamba 16 ni ya mfuko huu tu, na vifuko vina tabia ya kujazwa tena kwa switi nyingine huku namba ikibaki. Kata kipande cha mfuko chenye jedwali ukitie ndani ya mkebe, na mfuko ukiisha kitoke pamoja na tofi ya mwisho.

Ya tatu ni kuzisogeza tofi ziende na chakula. Mkiwa mnamdunga kwa ajili ya wali wa mchana, tofi 2 baada yake ni gramu 11 za kuongeza kwenye hesabu iliyopo, siyo sindano nyingine. Wazazi wengi huona hii nyepesi, na mtoto hapati sindano kwa kitu kidogo. Ina gharama yake kwa bibi, kwa maana raha ya kumwita mjukuu alasiri na kumtia kitu mkononi inaondoka. Ulizeni kliniki pia kama wanataka mdunge kwa vitafunio vidogo au waviache hadi kiasi fulani, kwa sababu hospitali hazifanani katika hili, na mimi sibadilishi dozi ya mtoto wa mtu kwa barua.

Najua mtu atakwambia mnunue zile zilizoandikwa bila sukari, yaishe. Zinaweza kusaidia, lakini hazina maana ya bila wanga. Nyingi hutiwa polioli, aina za utamu kama maltitoli na sorbitoli, ambazo hukaa ndani ya mstari wa wanga na kupandisha sukari kiasi, polepole zaidi. Mtoto akizila nyingi tumbo litamwendesha, na baadhi ya mifuko huandika onyo hilo kwa herufi ndogo. Ukizinunua, piga picha jedwali uipeleke kliniki wakwambie mhesabu vipi mstari huo.

Na wifi yako mwambieni jambo moja. Mifuko ya mchanganyiko, ile yenye aina tatu au nne za chokoleti ndani ya mfuko mmoja, mara nyingine ina jedwali moja la wastani kwa zote. Mtoto hali wastani, anachagua zile anazozipenda na kuacha nyingine, na ya karameli si sawa na ya njugu. Akileta mfuko wa aina moja, mnaweza kuhesabu. Akileta wa mchanganyiko, tafuteni kama kuna jedwali la kila aina, na kama hakuna, huo uwe wa wale ndugu zake wawili.